Namba, Ujongezo na Mfuatano: Kugeuza Yaliyomo Yaliyoskaniwa kuwa Muhtasari wa Ngazi, kwa Mfano wa Lugha za Ukerewe

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ukurasa wa Yaliyomo pamoja na vichwa vya sura na vya sehemu katika kazi ya kitaaluma iliyoskaniwa vinavyoweza kugeuzwa kuwa muhtasari wa ngazi ulioandikwa kwa Markdown. Inadaiwa kwamba namba ya kichwa, ambayo kwa kawaida ndiyo hutegemewa, ni shahidi dhaifu kuliko ujongezo wa mstari na mfuatano wa mistari, na kwamba kosa dogo la namba laweza kuhamisha lugha kutoka kundi moja hadi jingine. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mfano wa sura inayohusu lugha za visiwa vya Ukerewe na mwambao wa karibu wa Ziwa Viktoria.

1.0 Utangulizi

Tasnifu na ripoti nyingi za utafiti kuhusu lugha za ukanda wa Ziwa zimebaki kwenye karatasi tu. Baadhi zilipigwa chapa kwa taipureta. Nyingine ziliandikwa kwa kompyuta ambazo faili zake zimepotea. Zinapoingizwa katika hifadhi ya kidijiti, kinachopatikana kwanza ni picha za kurasa, na picha haina sura wala sehemu. Ili msomaji aweze kwenda moja kwa moja kwenye sehemu anayoitaka, sharti mpango wa kazi uandikwe upya kwa namna ambayo kompyuta inaielewa. Njia nyepesi inayotumiwa na wengi ni Markdown, mtindo wa kuandika uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambamo ngazi ya kichwa huonyeshwa kwa idadi ya alama za reli mwanzoni mwa mstari.

Kwa mtazamo wa haraka, kazi hii ni ya kunakili tu. Hata hivyo, muhtasari wa ngazi ni dai la kitaaluma. Kichwa kinapowekwa chini ya kingine, msomaji huambiwa kwamba jambo la pili ni sehemu ya jambo la kwanza. Katika isimu linganishi dai hilo ni zito. Kikerewe na Kikara huzungumzwa katika visiwa viwili jirani, Ukerewe na Ukara, ambavyo vyote vimo katika Wilaya ya Ukerewe, Mkoa wa Mwanza. Guthrie aliziweka lugha za eneo hili katika kundi lake la E20, akakipa Kikerewe namba E24 na Kijita E25. Wanaisimu waliomfuata wametenganisha makundi mawili: Rutara, lenye Kikerewe, Kizinza, Kihaya na lugha nyingine, na Suguti, lenye Kijita, Kikwaya, Kiruri na Kikara. Muhtasari unaoiweka Kikara upande wa Kikerewe kwa sababu ya kosa la chapa utakuwa umefuta tofauti hiyo bila mtu yeyote kuijadili.

2.0 Mashahidi Watatu wa Ngazi

Ukurasa wa Yaliyomo humpa mchunguzi ushahidi wa aina tatu kuhusu nafasi ya kila kichwa.

Shahidi wa kwanza ni namba. Namba kama 2.1.3 inadai mambo mawili kwa pamoja: kwamba kichwa kiko katika ngazi ya tatu, na kwamba mzazi wake ni 2.1. Shahidi wa pili ni ujongezo, yaani umbali wa mwanzo wa mstari kutoka pambizo ya kushoto. Ujongezo unaeleza kina tu. Hausemi mzazi ni nani. Shahidi wa tatu ni mfuatano wa mistari kutoka juu kwenda chini. Mfuatano peke yake hausemi kina, lakini ukiunganishwa na ujongezo unamtaja mzazi bila shaka: mzazi wa mstari wowote ni mstari wa karibu zaidi uliotangulia ambao haukujongezwa kiasi hicho.

Kwa hiyo ujongezo na mfuatano vikishirikiana vinatoa taarifa ileile inayotolewa na namba, lakini kwa njia tofauti. Hapo ndipo penye faida. Namba ni tarakimu chache na nukta ndogo, na doa moja la wino huweza kuibadili. Mfuatano hauwezi kuharibiwa na doa, na ujongezo huharibika tu pale ukurasa wote unapopinda. Mashahidi wote watatu wakikubaliana, hakuna haja ya kuchunguza zaidi. Wakitofautiana, namba ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, na mahali pa kuamulia ni kichwa chenyewe ndani ya matini.

3.0 Kupata Ujongezo kutoka kwenye Picha

Tatizo la kwanza la kiutendaji ni kwamba programu za kutambua herufi, zinapotoa matini tupu, hutupa ujongezo. Mistari yote huanza pambizoni, na shahidi wa pili hupotea kabla ya kazi kuanza. Katika programu ya Tesseract, ambayo ina data ya Kiswahili inayoitwa `swa`, ujongezo hupatikana kwa kuomba matokeo katika muundo wa jedwali:

```
tesseract uk005.png uk005 -l swa --psm 6 tsv
```

Faili inayotokea, `uk005.tsv`, ina mstari mmoja kwa kila neno, na safu ya `left` inaonyesha umbali wa neno hilo kutoka ukingo wa kushoto wa picha, ukihesabiwa kwa doti. Inatosha kuchukua neno la kwanza la kila mstari. Kipengele cha `--psm 6` kinaiambia programu iuchukue ukurasa kuwa bonge moja la matini. Kisipowekwa, programu huweza kuziona namba za kurasa zilizo upande wa kulia kuwa safu nyingine, ikazitenga na vichwa vyake.

Ukurasa ukiskaniwa kwa doti 300 kwa inchi, ujongezo wa milimita 5 huwa doti 59 hivi. Tofauti hiyo inaonekana wazi, lakini kwa sharti kwamba ukurasa umenyooka. Ukurasa uliopinda kwa digrii moja tu, katika urefu wa milimita 200, husogeza mwanzo wa mstari wa chini kwa milimita 3.5, yaani doti 41 hivi ukilinganisha na mstari wa juu. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya ngazi nzima. Dalili yake ni rahisi kuitambua: thamani za `left` hazijikusanyi katika mafungu machache, bali hupanda au hushuka polepole kadiri macho yanavyoteremka. Ikionekana hivyo, picha inyooshwe kwanza na programu iendeshwe upya. Kujaribu kukisia ngazi kutoka kwenye picha iliyopinda ni kupoteza muda.

4.0 Mfano: Sura Inayohusu Lugha za Eneo

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala hii, kwa kufuata desturi ya tasnifu za vyuo vikuu vya Tanzania. Makosa yaliyomo ni ya aina zinazotokea mara kwa mara. Hii ndiyo matini tupu kama programu inavyoweza kuitoa:

```
SURA YA PILI: LUGHA ZA ENEO ........ 17
2.0 Utangulizi ..................... 17
2.1 Kundi la Rutara ................ 18
2.1.1 Kikerewe ..................... 18
2.12 Kizinza ....................... 23
2.2 Kundi la Suguti ................ 29
2.2.1 Kijita ....................... 29
2.1.2 Kikara na uhusiano wake na
lugha za kisiwani .................. 3S
2.3 Muhtasari ...................... 4l
```

Tuseme thamani za `left` zimejikusanya katika mafungu matatu: 236 kwa mstari wa sura; 295 kwa mistari ya 2.0, 2.1, 2.2 na 2.3, na 354 kwa mistari minne ya lugha. Mstari unaoanza na maneno "lugha za kisiwani" una thamani ya 460. Thamani hiyo haimo katika fungu lolote, mstari wenyewe hauna namba ya kichwa, na mstari ulioutangulia hauna namba ya ukurasa. Dalili hizo tatu zikikutana, mstari huo si kichwa kipya bali ni mwendelezo wa kichwa kilichotangulia, na mistari hiyo miwili iunganishwe.

4.1 Tatizo la Sufuri

Kanuni inayotumiwa sana ni kuhesabu tarakimu: namba yenye tarakimu moja ni sura, yenye mbili ni sehemu, yenye tatu ni sehemu ndogo. Kanuni hii inakwama mara moja kwenye 2.0, kwa sababu sufuri ina matumizi mawili katika uandishi wa kitaaluma wa Tanzania. Katika makala za majarida, kama ilivyo katika makala hii, 4.0 ni kichwa kikuu, na 4.1 ni mtoto wake. Katika tasnifu, ambamo sura ina mstari wake wenyewe unaosomeka "Sura ya Pili", 2.0 kwa kawaida ni utangulizi wa sura hiyo, na kwa hiyo ni ndugu wa 2.1 wala si mzazi wake.

Namba yenyewe haiwezi kutatua utata huu, lakini ujongezo unautatua. Hapa 2.0 na 2.1 zote zina thamani ya 295, nazo zote ziko chini ya mstari wenye 236. Ni ndugu. Lau 2.0 ingechukuliwa kuwa mzazi, makundi yote mawili ya lugha yangekuwa vipengele vya utangulizi wa kurasa mbili, na sura yenyewe ingebaki tupu. Uamuzi huu ufanywe mara moja kwa kazi nzima, mwanzoni, kwani mwandishi mmoja hatumii sufuri kwa namna mbili ila kwa nadra.

4.2 Namba Zilizosomwa Vibaya

Makosa ya programu hugunduliwa kwa kanuni mbili zisizohitaji picha. Ya kwanza inahusu kurasa: namba za kurasa haziwezi kurudi nyuma. "3S" iko baada ya 29, na "4l" iko mwishoni. Herufi S hufanana na tarakimu 5, na herufi l hufanana na tarakimu 1. Hivyo 35 na 41 ndizo thamani zinazoingia, nazo zinatii mpangilio. Nukta za kuongozea jicho, zinazounganisha kichwa na ukurasa wake, huzidisha makosa ya aina hii, kwani nukta ya mwisho huweza kugandamana na tarakimu ya kwanza.

Kanuni ya pili inahusu mrithi wa namba. Baada ya 2.1.1 huruhusiwa namba nne tu: 2.1.1.1, ikiwa mgawanyo unazidi kushuka, 2.1.2, ikiwa unaendelea, 2.2, ikiwa unapanda ngazi moja. Au sura inayofuata. Namba 2.12 haimo. Ingekuwa sehemu ya kumi na mbili ya sura, wakati sehemu ya pili haijafika. Ujongezo wa 354 unathibitisha kwamba mstari huo uko katika ngazi ya lugha. Picha ikikuzwa, nukta ya pili inaonekana, ingawa imefifia. Kosa ni la programu, si la mwandishi, na husahihishwa bila kuacha maelezo yoyote, kwa sababu kazi yenyewe haikuwahi kusema 2.12.

4.3 Kikara

Mstari wa Kikara ni wa namna nyingine. Baada ya 2.2.1 inakuja 2.1.2, jambo ambalo kanuni ya mrithi hairuhusu. Tena, baada ya Kizinza kusahihishwa, 2.1.2 inatokea mara mbili. Programu inayojenga muhtasari kwa kufuata namba peke yake itaichukua Kikara na kuipeleka chini ya 2.1, katika Kundi la Rutara, pamoja na Kikerewe. Ubaya wake ni kwamba matokeo hayatashtua. Kichwa chenyewe kinataja uhusiano na lugha za kisiwani, na msomaji asiyeijua historia ya uainishaji ataona ni jambo la kawaida lugha ya Ukara kuwekwa pamoja na ya Ukerewe, kwa kuwa visiwa vyenyewe ni jirani.

Picha ikikuzwa, inaonekana wazi kwamba karatasi imeandikwa 2.1.2. Programu haikukosea. Hivyo mashahidi wanapingana ndani ya kazi yenyewe: namba inasema mzazi ni Rutara; ujongezo na mfuatano vinasema mzazi ni Suguti, kwa kuwa mstari wa karibu zaidi uliotangulia wenye ujongezo mdogo zaidi ni 2.2. Shahidi wa kuamua ni matini. Ikiwa picha 12 za jalada na kurasa za awali zinatangulia ukurasa wa 1, basi ukurasa wa 35 ni picha ya 47. Huko kichwa kinasomeka 2.2.2. Sasa shauri limekwisha: mpiga chapa alikosea katika Yaliyomo, na mwandishi aliiweka Kikara katika Suguti.

Kosa hili, tofauti na lile la Kizinza, halifai kusahihishwa kimya. Limo kwenye karatasi, na mtafiti aliyekwisha kuinukuu kazi hiyo kwa kutegemea Yaliyomo huenda alitaja 2.1.2. Muhtasari ufuate matini, lakini uache kumbukumbu ya tofauti. Utaratibu huu si mgeni kwa wahakiki wa miswada: kosa la mnakili wa sasa huondolewa, na kosa la chanzo huandikwa pembeni.

5.0 Kuandika Muhtasari kwa Markdown

Baada ya maamuzi hayo, uandishi wenyewe ni mfupi. Alama moja ya reli hutengwa kwa ajili ya jina la kazi, mbili kwa sura, na kuendelea. Markdown ina ngazi sita tu za vichwa, na kwa mpango huu namba yenye tarakimu tano, kama 2.1.1.1.1, ndiyo ya mwisho kuingia.

```
## Sura ya Pili: Lugha za Eneo
### 2.0 Utangulizi (uk. 17)
### 2.1 Kundi la Rutara (uk. 18)
#### 2.1.1 Kikerewe (uk. 18)
#### 2.1.2 Kizinza (uk. 23)
### 2.2 Kundi la Suguti (uk. 29)
#### 2.2.1 Kijita (uk. 29)
#### 2.2.2 Kikara na uhusiano wake na lugha za kisiwani (uk. 35)
<!-- Yaliyomo: 2.1.2; matini, uk. 35: 2.2.2 -->
### 2.3 Muhtasari (uk. 41)
```

Mstari ulio ndani ya `<!--` na `-->` hauonekani kwa msomaji wa kawaida, lakini hubaki katika faili. Ikumbukwe pia kwamba katika Markdown ngazi inaamuliwa na alama za reli na mfuatano tu; namba ni maneno kama maneno mengine. Kwa maana hiyo muhtasari wa Markdown unategemea mashahidi walewale wawili walioonekana kuwa madhubuti zaidi.

Wengine hupendelea kuandika muhtasari kama orodha yenye vistari. Njia hiyo inakubalika, na nafasi nne kwa kila ngazi hueleweka na programu nyingi, lakini ina mtego mmoja. Mstari unaoanza na tarakimu, nukta na nafasi, kama `1. `, huchukuliwa kuwa orodha ya namba, na programu huhesabu upya yenyewe. Ikiwa ukurasa wenye sura ya 2 haukuskaniwa, sura za 1 na 3 zitaonyeshwa kuwa 1 na 2, na pengo litafichika. Dawa yake ni kuandika `1\.` au kutumia maneno "Sura ya 1".

Kazi za isimu zina hatari zao za pekee, kwa kuwa alama za fonolojia ni alama za Markdown pia. Alama ya reli huwakilisha mpaka wa neno. Kichwa kinachomalizikia na kanuni kama `V > Ø / __ #` hupoteza alama hiyo ya mwisho, kwa sababu Markdown huiona kuwa ni ya kufungia kichwa. Kanuni inayobaki haisemi tena irabu inadondoshwa wapi. Vilevile, tahajia iliyowekwa ndani ya mabano ya pembe, kama `<ch>`, hudhaniwa kuwa amri ya ukurasa wa mtandao na hutoweka kabisa kwenye skrini. Nyota ya maumbo ya Mame-Bantu mara nyingi husalimika, lakini ikiwa mwanzoni mwa mstari, na programu ya kutambua herufi ikaitenga na umbo lake kwa nafasi, hugeuka kuwa kitone cha orodha. Katika hali zote hizi mkwaju wa nyuma hutosha: `\#`, `\<ch>`, `\*`.

6.0 Mipaka ya Utaratibu Huu

Utaratibu ulioelezwa unahitaji kuwapo kwa angalau mashahidi wawili. Kazi zilizopigwa chapa bila namba na bila ujongezo humwachia mchunguzi mfuatano tu, na hapo sharti ngazi itafutwe kwenye matini yenyewe, kwa ukubwa wa herufi, herufi kubwa au mstari uliopigwa chini ya kichwa. Pia Yaliyomo hayakai mwanzoni daima. Vitabu vingi vya Kifaransa huyaweka mwishoni, na mtafiti wa Kisukuma anayetumia kazi zilizochapishwa Paris, kama ile ya Batibo ya mwaka 1985, hana budi kukumbuka desturi hiyo kabla hajaamua kwamba kitabu hakina Yaliyomo.

Mpaka mwingine unahusu herufi. Programu hutoa herufi ilizofundishwa tu. Kisukuma kina irabu saba, na kazi za kiisimu hutumia herufi kama ɪ na ʊ kuzitofautisha. Data ya Kiswahili, lugha yenye irabu tano, huweza kuzisoma kuwa herufi nyingine, kama i na u. Kanuni ya kurasa na kanuni ya mrithi haziwezi kuligundua kosa hili, kwa kuwa haligusi namba. Vichwa vyenye mifano ya lugha visomwe kwa macho dhidi ya picha, kimoja kimoja.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kugeuza Yaliyomo kuwa muhtasari wa ngazi kunahitaji kuwasikiliza mashahidi watatu na kutofautisha kosa la programu na kosa la chanzo. Katika mfano uliochambuliwa, Kizinza na Kikara zote zilikuwa na namba yenye kasoro. Ya kwanza ilisahihishwa bila maelezo, na ya pili ikasahihishwa kwa kumbukumbu. Anayeandaa muhtasari wa namna hii anashauriwa kuandika orodha ya vichwa vyote ambavyo namba yake ilipingana na ujongezo au mfuatano, na kuihifadhi pamoja na faili, ili anayekuja baadaye aweze kuurudia uamuzi huo mwenyewe dhidi ya picha.